Malisho yaliyochakaa Lindi na Mtwara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupumzisha ardhi, kuotesha nyasi na kupambana na mtundulu

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara kwenye vikao vya wafugaji wa Kilwa, Nachingwea, Liwale na Nanyumbu. Wengi wao, au wazazi wao, walifika huku baada ya kuhamishwa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, wakapewa maeneo ambayo wakati ule yalikuwa na nyasi za kufika kiunoni. Leo sehemu kubwa ya maeneo hayo ni udongo mtupu kuzunguka lambo, na kwingine ni vichaka ambavyo hata ndama hapiti. Majibu yanahusu hali hiyo hasa: eneo la kijiji lililolishwa kupita kiasi na kuvamiwa na mtundulu.

Mtundulu ndio upi? Sisi wa pwani hatulijui jina hilo.

Ni jina la Wasukuma, na kwa kuwa wao ndio wengi katika ufugaji wa huku, limeenea. Pwani ya Tanga mti huo huo huitwa mkulagembe. Utautambua kwa ua lake linaloning'inia, nusu waridi na nusu njano, na kwa maganda yanayojisokota pamoja kuwa donge. Miiba yake ni matawi mafupi magumu yenye ncha, si miiba ya kubandikwa kama ya mgunga. Inatoboa tairi la pikipiki bila shida.

Nitajuaje kama eneo langu linahitaji kupumzishwa tu, au mpaka nipande mbegu?

Hili ndilo swali la kwanza na ndilo linaloamua gharama zote. Watu wengi hununua mbegu wakati ardhi yao ingepona yenyewe, na wengine husubiri miaka mitatu ardhi ambayo haina tena kitu cha kuota.

Jibu lipo kwenye mashina ya nyasi za kudumu. Nyasi ya kudumu ina kitako kigumu chenye mabaki ya miaka iliyopita, na mvua za kwanza zikinyesha huchipua ndani ya siku chache kwa sababu mizizi ilikuwa hai. Nyasi ya msimu huanza kwenye mbegu, ina mzizi mwepesi, ukiivuta inakuja yote mkononi. Eneo linaweza kuwa kijani kibichi mwezi Januari na bado likawa limekufa, maana kijani chote ni cha nyasi za msimu na mfagio.

Tengeneza fremu ya vijiti vinne, kila kimoja mita moja. Tembea eneo lote kwa mstari, na kila baada ya hatua hamsini itupe chini bila kuchagua mahali. Hesabu mashina ya kudumu yaliyo ndani. Fanya hivyo mara ishirini au zaidi, kisha tafuta wastani. Ukipata mashina mawili au zaidi kwa kila fremu, funga eneo tu, nyasi itajaza mapengo yenyewe. Chini ya shina moja, kupumzisha peke yake kutakuletea magugu na vichaka kuliko nyasi, kwa hiyo utalazimika kuotesha. Katikati ya hapo angalia udongo: kama una ukoko mgumu juu na maji ya mvua yanateleza badala ya kuzama, uhesabu kuwa wa kuoteshwa. Hiki ni kipimo cha kazi, hakipimi kila kitu, lakini kinakutoa kwenye kubahatisha.

Wakati mzuri wa kupima ni wiki mbili tatu baada ya mvua kushika. Kiangazi utahesabu visiki vilivyokufa ukidhani ni hai.

Wazee wa Kisukuma walikuwa na ngitili, yaani malisho ya akiba. Kwa nini tusifunge kiangazi kama desturi?

Ngitili yenyewe haikufungwa kiangazi. Ilifungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi kikikaza, na hapo ndipo ilipokuwa na akili. Nyasi hujenga mizizi na kutoa mbegu wakati wa mvua tu. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, mara nyingi na ukavu kidogo katikati. Miezi hiyo ndiyo ya kufunga. Ukifunga Julai mpaka Oktoba umehifadhi majani makavu, jambo ambalo si baya, lakini mzizi uliochoka haujapata chochote.

Kinachoumiza zaidi ni kulisha wiki za mwanzo wa mvua. Shina linapochipua hutumia akiba iliyo kwenye mizizi na kitako. Ng'ombe akikata chipukizi hilo kabla majani hayajaanza kurudisha chakula chini, shina huchipua tena kwa akiba iliyobaki, kisha tena, na mwisho hufa. Nyasi tamu ndiyo inayofuatwa kila mara, kwa hiyo ndiyo inayotangulia kufa. Inabaki ile ngumu ambayo ng'ombe haipendi.

Muda gani unatosha?

Eneo lililochoka tu, msimu mmoja wa mvua kamili. Eneo lililooteshwa upya, misimu miwili, na ule wa pili unaweza kuruhusu kulisha kidogo mbegu zikishadondoka. Usifunge miaka mitano mfululizo ukidhani unaongeza faida. Nyasi isiyoguswa hujifunika kwa majani yake yaliyokufa, machipukizi hukosa mwanga, na mtundulu hauhitaji ruhusa ya mtu kuendelea kukua humo ndani.

Tukifunga, ng'ombe waende wapi?

Hapa ndipo mipango mingi hufia, wala si kwenye mbegu. Usifunge eneo lote. Gawa sehemu tatu, funga theluthi moja kwa mwaka, na sehemu mbili zilizobaki zilishwe kwa zamu. Maana yake sehemu hizo mbili zitabeba mzigo mkubwa zaidi, na kama kundi halipungui kabla ya mvua utaponya theluthi moja kwa kuua nyingine. Uza maksai wazee na majike tasa Septemba au Oktoba, kabla hawajakonda kabisa.

Baada ya mavuno kuna mabua ya mahindi na mtama kwenye mashamba ya jirani. Hayo yaombwe kwa mwenye shamba, kwa makubaliano yaliyoandikwa mbele ya serikali ya kijiji, na ng'ombe waingie baada ya mazao yote kutoka. Ugomvi wa wakulima na wafugaji huku mara nyingi huanzia kwenye ufuta uliosimamishwa ukauke shambani, ambao kundi likipita mara moja hakuna cha kukung'uta tena.

Mfano mmoja kamili tafadhali, kwa ekari.

Tuchukue kikundi ambacho theluthi yake ya kufunga mwaka huu ni ekari 50 karibu na lambo. Wakapima kwa fremu, wakakuta ekari 30 zina mashina mawili mpaka matatu kwa fremu, ekari 12 zimefunikwa na mtundulu, na ekari 8 kuzunguka lambo hazina kitu, ni udongo wenye ukoko.

Zile 30 zinafungwa tu. Hakuna jembe wala mbegu inayoingia humo.

Kwenye zile 12 wanakata mtundulu mwishoni mwa Novemba na Desemba, ukiwa umeshatoa majani mapya. Wakati huo mti umetumia akiba yake ya mizizi kutoa majani na bado haujairudisha, kwa hiyo kisiki kinachipua kwa shida kuliko kingekatwa Juni. Wanaanzia pembezoni ambako miti ni michanga na nyasi bado ipo chini yake, wakielekea katikati. Hawamalizi ekari zote 12 mwaka wa kwanza na wala hawajaribu, kwa sababu kila walichokata lazima wakirudie.

Matawi yenye miiba hayachomwi. Yanapelekwa kwenye ekari 8 zilizo wazi, yale tu yasiyo na maganda. Pale udongo unakwaruzwa kwa jembe la maksai katika mistari yenye upana wa mita mbili, ikikingama mteremko, na kati ya mstari na mstari panaachwa mita nne. Mbegu inamwagwa kwenye mistari, kisha matawi yanalazwa juu. Matawi hayo yanafanya kazi tatu: yanavunja nguvu ya matone ya mvua, yanatega vumbi na mbegu zinazopeperushwa na upepo, na yanamzuia mbuzi aliyetoroka. Nyasi ikishatoa mbegu mwaka wa kwanza, itajaza ile mita nne yenyewe.

Hesabu ya mbegu: mistari ni theluthi moja ya eneo, yaani ekari 2.7 hivi. Kwa kilo 2 kwa ekari ya eneo linalopandwa, wanahitaji takriban kilo tano na nusu badala ya 16. Tofauti hiyo ndiyo huwafanya watu waweze au washindwe kuanza.

Mbegu gani, na nitaipata wapi?

Kwa udongo wa kichanga wa huku na ukavu mrefu, senkrusi ndiyo ya kwanza. Ni ile yenye kichwa cha manyoya, kitako kigumu na mizizi inayokwenda chini sana. Rodesi huota haraka na kufunika udongo kwa matawi yanayotambaa, inafaa kuchanganywa nayo, ila kwenye kichanga kikavu sana haidumu. Bondeni penye udongo wenye rutuba na kivuli kidogo, ginea ni ya kwao huku na ng'ombe wanaipenda. Kwenye mbuga ya udongo mweusi unaotuama maji, usipoteze senkrusi yako.

Serikali ina shamba la mbegu za malisho Vikuge, Kibaha, na Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI, ina kituo Naliendele nje kidogo ya mji wa Mtwara ambako ni vyema kuulizia kabla ya kuagiza mbegu mbali. Lakini njia ya bei nafuu ni kukusanya mwenyewe. Aprili na Mei, kando ya barabara na kwenye viwanja vilivyozungushiwa uzio ambako ng'ombe hawafiki, nyasi nzuri zimesimama na mbegu. Kichwa kikianza kupukutika ukikipitisha mkononi, mbegu imekomaa. Vua kwa mkono, anika kivulini, weka kwenye gunia la kupitisha hewa na litundike mbali na panya.

Mbegu hiyo usiipande upesi. Senkrusi iliyovunwa karibuni hulala, haioti vizuri mpaka ikae miezi kadhaa. Ukivuna Mei na kupanda Desemba umeipa muda wake bila kufanya chochote.

Mbegu niliyonunua haikuota. Niliuziwa makapi?

Inawezekana, lakini kabla ya kumlaumu muuzaji angalia mambo mawili mengine. La kwanza ni kina. Mbegu hizi ni nyepesi mno, zikifukiwa zaidi ya sentimita moja mpaka mbili hazitoki. Anayepanda kwa jembe kama anavyopanda mahindi amezizika. Baada ya kumwaga, buruta tawi juu ya mstari, basi. La pili ni mvua ya uongo: mvua moja kubwa ya Novemba, mbegu inaota, kisha jua la wiki tatu. Subiri mpaka udongo uwe na unyevu wa kufika kiganja kizima chini na mvua zimeanza kufuatana.

Makapi yenyewe hugunduliwa mapema. Hesabu mbegu 100, zitandaze kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani, funika, usiache zikauke. Baada ya siku 14 hesabu zilizoota. Kile kiasi cha kilo 2 kwa ekari ni kwa mbegu inayoota karibu nusu. Ukipata 25 kati ya 100, tumia kilo 4. Ukipata chini ya 10, rudisha mzigo.

Wakati wa kumwaga, changanya mbegu na mchanga mkavu, sehemu moja kwa tatu au nne, ili mkono usimalize gunia kwenye mstari wa kwanza.

Nimekata mtundulu mara mbili na sasa ni mwingi kuliko mwanzo. Kwa nini?

Kwa sababu ulikata na kuondoka. Shina moja likikatwa hutoa machipukizi mengi kutoka kisikini, na mizizi yake inayotambaa chini ya udongo hutoa miti mipya mbali na kisiki. Kukata mara moja ni kuuzidisha.

Kuna njia mbili za kuumaliza. Moja ni kuuchosha: unakata, unarudi machipukizi yakifika urefu wa goti, unakata tena, na tena, ndani ya msimu huo huo wa mvua, kwa misimu miwili au mitatu. Mbuzi hufanya sehemu kubwa ya kazi hii wakiingizwa machipukizi yakiwa laini, ila wazuiwe wasiguse eneo lililooteshwa. Nyingine ni dawa ya kuua visiki: unakata karibu kabisa na ardhi na kupaka sehemu iliyokatwa pamoja na gome la pembeni papo hapo, kabla kidonda hakijakauka. Dawa yenye triklopiri ndiyo inayotumika sana kwa visiki vya miti. Hakikisha imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, fuata kipimo cha kwenye lebo na muda wa kutoingiza mifugo, na usiipake mvua ikiwa inakuja. Glifoseti ya kunyunyiza kwenye kichaka chote isikushawishi, inaua nyasi uliyotaka kuiokoa na mizizi ya mtundulu inabaki.

Mche mdogo wa mwaka mmoja ung'oe kwa mkono au jembe udongo ukiwa na maji. Ni kazi ya watoto wakitoka shule, na ni rahisi kuliko yote hapo juu.

Je, tukodi tingatinga tusafishe siku moja?

Waingereza walifika Nachingwea na mashine nyingi kuliko utakazoweza kukodi, kwa ajili ya ule mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, na mwaka 1951 wakauacha. Vichaka na mizizi yake vilikuwa miongoni mwa vilivyowatesa. Kwa malisho, tatizo la tingatinga ni kwamba linakokota udongo wa juu pamoja na mashina machache ya nyasi yaliyobaki, na kukata mizizi ya mtundulu vipande ambavyo vingi vitachipua. Kama ni kufungua njia ya mifugo au mkanda wa kuzuia moto, sawa.

Na moto?

Moto una kazi yake, lakini si ule unaopita huku kila mwaka kuanzia Agosti, wa wawindaji na wa kuandaa mashamba. Moto unaoweza kuunguza mtundulu mpaka juu unahitaji nyasi nyingi kavu chini yake, na ardhi iliyolishwa mpaka udongo haina kuni hizo. Ndiyo maana kupumzisha hutangulia. Hata moto mkali wa Oktoba huua miche na kuchoma matawi tu. Mizizi huchipua mvua ikinyesha, na hapo lazima mbuzi au panga vifuate.

Eneo lililooteshwa lisiungue kwa misimu miwili ya mwanzo. Fyeka mkanda wa mita sita mpaka kumi kulizunguka, mwezi Mei au Juni nyasi zikiwa bado na unyevu. Kuchoma kwa makusudi kunahitaji kibali, na jirani mwenye mikorosho aambiwe siku na saa. Moto ukivuka ukaingia kwenye mikorosho, hakuna nyasi itakayolipa hasara hiyo.

Mbigili, mfagio, mwingajini. Haya nayo tuyafanyeje?

Haya ni dalili kuliko ugonjwa. Yanakaa pale nyasi ilipotoka, na mengi hupungua nyasi ikirudi. Yafyeke yakiwa na maua, kabla ya maganda kukomaa, Februari mpaka Machi. Mwingajini pekee ndio ninaoutilia mkazo, kwa sababu mbegu zake ni sumu kwa ng'ombe na huharibu misuli. Ng'ombe hawaugusi wakiwa na chaguo, lakini kwenye malisho yaliyokwisha au kwenye majani makavu yaliyofungwa pamoja nao, wanaula.

Zizi la usiku kwenye udongo mtupu linasaidia?

Sana. Kundi likilala usiku kadhaa mahali pamoja kabla ya mvua, kwato huvunja ukoko na samadi inabaki. Lakini angalia walikula nini. Ng'ombe hupenda maganda ya mtundulu kiangazi, mbegu hupita tumboni zikiwa hai, na kinyesi ni kitalu chao. Walishe mahali pasipo na maganda kwa wiki nzima kwanza, au zizi hilo litakuotesha kichaka.

Lini niingize ng'ombe kwenye nyasi mpya, na wangapi?

Shika fungu la majani, livute kwa nguvu kama ulimi wa ng'ombe unavyovuta. Majani yakikatika na shina likabaki ardhini, mizizi imeshika. Shina likitoka na mizizi, funga geti. Zaidi ya hapo subiri mbegu zidondoke, yaani Mei au Juni.

Kwa idadi, kata majani yote ndani ya ile fremu ya mita moja, sehemu kumi, anika mpaka yakauke kabisa, pima. Tuseme wastani ni gramu 150. Ekari ina takriban mita za mraba 4,000, kwa hiyo una kilo 600 kwa ekari, na kwa ekari 50 kilo 30,000. Chukua theluthi moja tu, kilo 10,000, zilizobaki ni za udongo na za shina lenyewe. Ng'ombe wa kilo 250 hula karibu kilo 6 za majani makavu kwa siku. Hapo una chakula cha ng'ombe 20 kwa siku 80 hivi, au 40 kwa siku 40. Kati ya hayo mawili nachagua la pili: wengi kwa muda mfupi, kisha watoke wote. Wachache wakikaa muda mrefu hurudia shina lile lile tamu kila siku.

Ndorobo watapungua?

Vichaka vizito vikifunguka, kivuli wanachojificha kinapungua, na hilo linasaidia. Malale ya ng'ombe hayaishi kwa hilo. Dawa na vitambaa vya kutega viendelee.

Kijiji jirani kuna mtu analeta marobota ya majani kutoka kaskazini. Tununue kiangazi hiki?

Uliza yametoka wilaya gani. Gugu karoti liliingia mkoa wa Arusha, na mbegu zake ndogo husafiri vizuri kwenye marobota, matairi na matope ya kwato. Likiingia, linachukua nafasi ya nyasi na kuwasha ngozi ya mtu na ya mnyama. Ukilazimika kununua, lishia mahali pamoja karibu na boma, usitawanye porini, na mvua zikianza kagua mahali hapo kila wiki. Mche wenye majani yaliyochanika kama ya karoti na maua madogo meupe ung'olewe kwa glavu kabla hayajakomaa, uchomwe, na afisa mifugo wa kata aambiwe siku hiyo hiyo.